Pampu inayokataa jenereta: shajara ya kisima, chenjiova na mfuatano wa fezi

8 Machi 2025: Hali tuliyoikuta

Kisima kiko katika kijiji kimoja mkoani Dodoma. Pampu ni ya kuzamisha, mota yake ni kilowati 4 ya fezi tatu, imeshushwa mita 70. Maji yenyewe yamesimama mita 35 kutoka juu, na tanki liko kwenye mnara wa mita 12. Umeme wa gridi unaingia kwenye swichi ya chenjiova, na upande wa pili wa swichi hiyo inaingia jenereta ya fezi tatu. Kutoka chenjiova waya zinakwenda kwenye bodi ya kuwashia pampu, yenye kontakta na ovalodi, kisha kebo inashuka kisimani.

Malalamiko ya kamati ya maji ni mafupi: umeme wa gridi ukiwepo, tanki linajaa. Ukikatika wakawasha jenereta, pampu inasikika inanguruma, ampia zinaonekana kwenye mita ya bodi, lakini tangini halifiki hata tone. Jenereta imeshafanyiwa sevisi kwa sababu hiyo, na fundi aliyefuata akashauri pampu itolewe kisimani. Kazi hiyo inataka tripodi, watu na siku nzima. Niliwaomba wasubiri kwanza.

Vipimo vya leo: kwenye gridi, fezi kwa fezi ni volti 400 kwa kukadiria, fezi kwa nyutro 230. Kwenye jenereta, vilevile, na masafa ni hezi 50 pampu ikiwa inafanya kazi. Ampia za fezi zote tatu zinalingana katika hali zote mbili. Kwa hiyo jenereta si dhaifu, na hakuna fezi iliyokufa.

Kipimo kilichosema kitu ni geji ya presha pale juu ya kisima. Nilifunga geti valvu kabisa, nikawasha pampu kwa sekunde chache tu. Kwenye gridi geji ilipanda hadi karibu baa 5. Kwenye jenereta iliishia baa 1. Ukikumbuka kwamba mnara wa mita 12 unahitaji baa 1.2 ndipo maji yafike juu, mchezo umeisha hapo: maji yanapanda kutoka kisimani, yanafika usawa wa ardhi, yanakwama kabla ya tanki.

Sekunde chache nimezisema makusudi. Mota ya kuzamisha inapozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Valvu ikifungwa hayapiti, na ukiiacha hivyo utaiunguza kwa kutafuta ugonjwa ambao haukuwa nao.

9 Machi: Ninachokishuku

Pampu ya aina hii ikizunguka kinyume haigeuzi njia ya maji. Hapo ndipo wengi wanapotea, wanadhani ingekuwa kinyume ingenyonya tangini na kurudisha kisimani. Impela inarusha maji kwenda nje kwa nguvu ya mzunguko, upande wowote inaozungukia, na njia ya kutokea ni ile ile moja. Kinachobadilika ni kwamba mapanga yaliyopindwa yanayapiga maji kwa mgongo badala ya tumbo, hivyo presha inashuka sana. Kisima kifupi chenye tanki la chini kingeendelea kutoa maji kidogo na watu wangesema "pampu imechoka". Hapa kwa bahati mnara ni mrefu, tatizo likajionyesha wazi.

Mota inayozunguka kinyume kwenye chanzo kimoja na sawasawa kwenye kingine maana yake vyanzo hivyo viwili vina mfuatano tofauti wa fezi. Nilipomweleza hivyo fundi wa kijijini, mzee aliyeitunza mashine hii tangu ifungwe, alitikisa kichwa.

"Mwanangu, hilo nilishalijaribu. Waya za jenereta nilizihamisha zote tatu. Haikubadilika kitu."

"Ulizihamishaje, mzee?"

"Ya kwanza nikaiweka penye ya pili, ya pili penye ya tatu, ya tatu nikairudisha mwanzo."

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike shajara hii. Mzee alifanya kazi ya kweli, ila mabadiliko aliyoyachagua ndiyo pekee ambayo hayawezi kufanya lolote. Mfuatano 1‑2‑3 unajirudia: 1‑2‑3‑1‑2‑3. Ukianza kusoma kwenye 2 unapata 2‑3‑1, ambao ni mzunguko ule ule ulioanzia mahali pengine. Ukibadilishana waya mbili tu na kuiacha ya tatu, unapata 1‑3‑2, na huo ndio mzunguko wa upande wa pili. Kwa fezi tatu hakuna mfuatano wa tatu. Akahitimisha, kwa haki kabisa kutokana na alichokiona, kwamba waya hazina kosa, na lawama ikahamia kwenye jenereta na baadaye kwenye pampu.

10 Machi: Kwa nini mita haikusema

Leo ni siku ya karatasi. Swali la mzee lilikuwa zuri: kama umeme umegeuka, mbona mita inasoma 400 ile ile?

Chukua L1 kama mshale wa volti 230 unaolala kwenye nyuzi 0. Katika mfuatano wa kawaida L2 inachelewa nyuzi 120, na L3 inachelewa tena 120, ambayo ni sawa na kusema iko mbele kwa 120. Volti kati ya L1 na L2 ni mshale wa kwanza ukiondoa wa pili:

```
Mfuatano 1-2-3:
V1 = 230∠0°    V2 = 230∠-120°   V3 = 230∠+120°
V12 = V1 - V2 = 345 + j199 = 398∠+30°
V23 = 398∠-90°
V31 = 398∠+150°

Mfuatano 1-3-2:
V1 = 230∠0°    V2 = 230∠+120°   V3 = 230∠-120°
V12 = V1 - V2 = 345 - j199 = 398∠-30°
V23 = 398∠+90°
V31 = 398∠-150°
```

Angalia urefu wa mishale: 398 kila mahali. Multimita inapima urefu tu, pembe haiijui, na ndiyo maana ungeweza kupima bodi hii kuanzia asubuhi hadi jioni usione tofauti. Kilichobadilika ni pembe. Katika mfuatano wa kwanza V12 inatangulia V1 kwa nyuzi 30. Katika wa pili inachelewa nyuma yake kwa nyuzi 30. Picha nzima ya mishale ya laini imegeuzwa chini juu, kila alama ya jumlisha kwenye pembe ikawa kutoa.

Taa, soketi na chaja za simu katika ofisi ya kamati zinatumia fezi moja na nyutro. Kwao mfuatano hauna maana yoyote, kwa hiyo jenereta ilionekana nzima kila mahali isipokuwa kisimani.

Mota ndiyo inayosoma pembe. Ndani ya stata mna koili tatu, U, V na W, zilizopangwa kuzunguka duara kwa nyuzi 120. Hizo ni nyuzi za chuma chenyewe, mahali, si za wakati. Mkondo wa U ukiwa kileleni, wa V na wa W ni nusu na umeelekea kinyume. Ukijumlisha sumaku zao tatu unapata moja inayoelekea upande wa koili ya U, yenye nguvu mara 1.5 ya kilele cha koili moja. Milisekunde 6.67 baadaye, theluthi ya mzunguko wa hezi 50, kilele kimehamia V. Hesabu ni ile ile, nguvu ni ile ile ya 1.5, ila sasa sumaku imeelekea upande wa V. Kisha W, kisha U tena, na katikati ya vituo hivyo inateleza bila kuruka. Kwa mota ya poli mbili kama hii, sumaku inamaliza duara kila milisekunde 20, yaani mara 3000 kwa dakika. Rota inaburutwa nyuma yake kidogo, karibu 2850.

Sasa badilishana L2 na L3. Koili hazijahama, ziko pale pale kwenye chuma. Lakini baada ya U kileleni, anayefuata ni W. Sumaku inatoka U kwenda W kwenda V, upande wa pili wa duara, kwa nguvu ile ile na kasi ile ile. Rota haina namna ya kujua upande "sahihi" na inaifuata. Kwa hiyo ampia zinaonekana za kawaida na mlio ni wa kawaida. Mota haina kosa. Impela ndiyo inayopata shida.

15 Machi: Kifaa cha kupimia, jaribio la kwanza limeshindwa

Kipima mfuatano cha dukani kipo, lakini nilitaka kitu ambacho mzee anaweza kukifungua na kukielewa. Mpango ni wa zamani: kapasita moja kwenye L1, taa kwenye L2, taa kwenye L3, na ncha zao za pili zote zimeunganishwa pamoja katika kituo kimoja ambacho hakigusi kitu kingine. Taa moja itawaka sana, nyingine itafifia, na ipi imewaka ndiyo inayokuambia mfuatano.

Nilianza na balbu za LED kwa sababu ndizo zilizokuwa dukani. Zote mbili ziliwaka sawasawa, kisha moja ikaanza kupepesa na ikafa. Hesabu ya kifaa hiki inataka taa iwe kama rizista: volti ikishuka, mwanga ushuke. Balbu ya LED ina sakiti ndani inayojitahidi kuweka mwanga ule ule volti ikipanda au ikishuka, kwa hiyo inaficha kile kile tunachotaka kukiona. Zinahitajika balbu za zamani zenye waya ndani.

Gharama ya jaribio hili: balbu mbili, shilingi 6,000.

22 Machi: Jaribio la pili

Balbu za wati 100 nilizipata kwa muuza vifaa vya kuku, wafugaji wanazitumia kupasha joto vifaranga. Nimenunua nne, mbili za kila upande zikifuatana. Sababu ya kufuatanisha iko kwenye hesabu, na ndiyo inayoua vifaa vingi vya aina hii.

Balbu ya wati 100 kwa volti 240 ina ohmu 576 ikiwa ya moto, mbili zikifuatana 1152. Kapasita ya feni ya dari ya mikrofaradi 2.5 kwa hezi 50 ni sawa na ohmu 1273. Zinakaribiana, na ndivyo tunavyotaka. Kituo cha katikati hakibaki kwenye usawa wa nyutro, kapasita inakivuta pembeni. Ukikokotoa, taa za fezi inayofuata ile ya kapasita zinapata volti 334 kwa pamoja, na za fezi iliyobaki zinapata 91. Balbu moja peke yake kwenye volti 334 haichelewi kukatika. Mbili zikigawana, kila moja inapata 167 na inawaka vizuri bila kuteseka. Zile za upande wa pili zinapata 45 kila moja, waya wake unabaki mwekundu tu.

Kapasita yenyewe inabeba volti zinazozidi 300, kwa hiyo isome 450 AC au zaidi. Nimeweka rizista ya kiloohmu 470 sambamba nayo ili isibaki na chaji inayomngoja mtu, na fyuzi ya ampia 1 kwenye kila waya wa kupimia. Vyote viko ndani ya boksi la plastiki lenye matundu ya hewa, maana balbu hizi zinachemka.

Jambo moja limenisumbua saa nzima. Fundi kijana aliyenisaidia aliona kituo cha katikati hakina waya, akadhani kimesahaulika, akakiunganisha na nyutro. Taa zote zikawaka sawa. Ndivyo inavyopaswa kuwa: ukikifunga kituo kwenye nyutro, kila upande unapata 230 yake bila kumjali mwenzake, na habari ya mfuatano inapotea. Kituo lazima kielee. Na kwa kuwa kinaelea, kina volti za kutosha kukudhuru, kwa hiyo kifunikwe vizuri.

Gharama: balbu nne shilingi 10,000, kapasita 5,000, boksi, fyuzi, waya na klipu 24,000.

23 Machi: Kupima na kurekebisha

Kipimo kimefanyika kwenye teminali za kuingilia za chenjiova, pande zote mbili, pampu ikiwa imezimwa. Upande wa gridi: taa za L2 zimewaka, za L3 zimefifia. Upande wa jenereta: za L3 zimewaka, za L2 zimefifia. Mzee alitazama, akacheka, akasema, "Kumbe ugomvi ni wa wawili, mimi nikahamisha watatu."

Sikujali kifaa kinasema upande upi ndio "sahihi". Gridi inaendesha pampu vizuri, kwa hiyo gridi ndiyo kipimo chetu. Jenereta inapaswa kufanana nayo, basi.

Mahali pa kubadilisha ndipo penye mtego. Wazo la kwanza la kila mtu ni kwenda kwenye mota, au kwenye kontakta, na kubadilishana waya mbili pale. Jenereta ingeanza kufanya kazi vizuri, na siku gridi inaporudi pampu ingegeuka. Sehemu yote iliyo baada ya chenjiova ni ya vyanzo vyote viwili, ukiigusa unavigeuza vyote pamoja. Tofauti ya vyanzo inarekebishwa kabla ya chenjiova, kwenye mguu wa chanzo chenye kosa.

Tulizima jenereta, tukachomoa betri yake ili mtu asiiwashe, tukahakikisha kwa mita kwamba teminali hazina umeme. Waya za L2 na L3 zimebadilishana upande wa jenereta tu. Nyutro haikuguswa. Tahadhari kuhusu rangi: katika bodi hii kebo ya zamani ina nyekundu, njano na bluu za fezi na nyeusi ya nyutro, ilhali kebo mpya ya jenereta ina kahawia, nyeusi na kijivu za fezi na bluu ya nyutro. Bluu na nyeusi zimebadilishana kazi kabisa. Anayefunga kwa rangi bila kupima anaweza kupeleka fezi kwenye nyutro, na hapo hata chaja za ofisini zitaungua.

Baada ya hapo, kifaa kinaonyesha L2 zimewaka kwa vyanzo vyote viwili. Geji ya presha kwenye jenereta, valvu imefungwa: karibu baa 5. Tumefungua valvu, maji yamefika tangini.

Tumewaeleza wahudumu kwamba kabla ya kuhamisha chenjiova wazime pampu kwanza na wangoje dakika kadhaa. Ukizima, maji yaliyo kwenye bomba yanaweza kurudi chini na kuisukuma impela kinyume kama valvu ya kuzuia haishiki vizuri. Mota ikiwashwa wakati shafti inazunguka upande wa pili inapata mshtuko mkubwa wa mkondo na wa nguvu.

29 Machi: Relei

Tumefunga relei ya mfuatano wa fezi, shilingi 75,000. Inasoma fezi tatu baada ya chenjiova, kabla ya kontakta, na mguso wake umefuatana na koili ya kontakta. Mfuatano ukiwa sivyo, au fezi moja ikikosekana, kontakta haivuti. Ingewekwa upande wa gridi, jenereta isingekuwa na mlinzi.

Tumeijaribu kwa kubadilishana waya mbili za kusomea za relei peke yake: taa nyekundu imewaka na pampu imekataa. Tumezirudisha, imekubali.

26 Aprili: Relei imekataa, na ilikuwa sahihi

Upepo uliangusha nguzo ya laini inayoleta umeme kijijini, ikasimamishwa upya. Umeme uliporudi pampu haikuwaka kwenye gridi, taa nyekundu ya relei inawaka. Kwenye jenereta inafanya kazi. Mhudumu alinipigia simu: "Fundi, relei yako imeharibika." Mzee alikwenda na boksi la balbu kabla sijafika: upande wa gridi sasa taa za L3 ndizo zinazowaka.

Kwa hiyo safari hii chanzo chenye kosa ni gridi. Mzee alibadilishana L2 na L3 kwenye mguu wa gridi, kwenye teminali za kuingilia za chenjiova, baada ya kuzima swichi kuu na kupima. Mita yenye sili haikuguswa. Bila relei pampu ingezunguka kinyume hadi mtu agundue tanki limekauka, na mota ingekuwa imekaa muda wote huo bila maji ya kuipoza.

Kuna pengo moja ambalo relei hii haiwezi kuliziba. Inaona umeme unaoingia kwenye kontakta, haioni kinachotoka. Siku pampu itakapotolewa kwa matengenezo na kebo yake kuunganishwa upya, mtu akichanganya waya mbili kwenye kiungo kile, relei itawasha taa ya kijani na pampu itazunguka kinyume kwenye vyanzo vyote viwili. Kwa hiyo ndani ya mlango wa bodi tumebandika karatasi: baada ya kazi yoyote ya kebo ya kisimani, funga valvu, washa kwa sekunde tano, geji isome karibu baa 5. Ikisoma 1, badilisha waya mbili za kebo ya mota chini ya kontakta, upime tena.

Jumla ya gharama hadi leo ni shilingi 120,000, bila nauli. Kilichobaki ni valvu ya kuzuia maji kurudi: geji inashuka haraka kuliko inavyopaswa pampu ikizimwa.